Mililita Sitini kwa Mkupuo, au Ishirini Mara Tatu?

Kila mwaka wanafunzi wa kemia wa kidato cha tano na cha sita hukutana na swali la aina hii. Kuna mililita 100 za maji ya chai zenye miligramu 580 za kafeini. Mezani pipo mililita 60 za klorofomu, kimiminika kisichochanganyika na maji lakini kinachoipenda kafeini mara nane kuliko maji yanavyoipenda. Je, tumimine mililita zote 60 kwa mara moja, tutikise, tutenganishe na kumaliza kazi, au tuzigawe mafungu matatu ya mililita 20 na kurudia kazi ileile mara tatu?

Klorofomu ni ileile na kafeini ni ileile. Akili ya haraka husema matokeo yatakuwa sawa, maana 20 mara tatu ni 60. Lakini matokeo hayalingani hata kidogo. Njia ya kwanza inaacha miligramu 100 za kafeini majini, ya pili inaacha 33 tu. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Tuanze na ile "mara nane". Ukiweka maji na klorofomu katika chombo kimoja, vinakaa matabaka mawili kama maji na mafuta ya kula, ila hapa klorofomu ndiyo inayozama kwa sababu ni nzito: mililita moja yake ina uzito wa karibu gramu moja na nusu. Ukitia kafeini na kutikisa, baadhi ya molekuli zake zinavuka kutoka majini kwenda kwenye klorofomu, na nyingine zinarudi. Baada ya muda mfupi zinazokwenda zinalingana na zinazorudi, na hapo ndipo mambo hutulia. Tangu mwaka 1872, Wafaransa Berthelot na Jungfleisch walipoyapima mambo haya kwa makini, tunajua kwamba kinachokuwa thabiti wakati huo wa utulivu ni uwiano wa ukolezi, yaani miligramu ngapi zimo katika kila mililita ya tabaka moja zikilinganishwa na kila mililita ya tabaka la pili. Uwiano huo ndio kizigeu cha mgawanyo, na kwenye karatasi huandikwa K.

Nane yenyewe haikuokotwa hewani. Katika joto la kawaida la chumba, gramu moja ya kafeini huhitaji maji mililita 46 hivi ili iyeyuke, lakini klorofomu mililita tano na nusu humtosha mtu kwa gramu hiyohiyo. Gawanya 46 kwa 5.5 utapata nane na kidogo. Hayo ni makadirio tu, kwa sababu maji yaliyokutana na klorofomu huwa yameinywa kidogo, na kafeini iliyojaa hadi kikomo haitendi sawasawa na iliyo chache. Hata hivyo yanatosha kutuonyesha njia, na kwa hesabu zetu tutashika nane kamili.

Sasa tufanye kwa mkupuo mmoja. Tunatafuta mgawo ambao ukolezi wa juu na wa chini utatofautiana mara nane. Kama majini zikibaki miligramu 100 katika mililita 100, ukolezi wake ni miligramu moja kwa mililita. Miligramu 480 zilizosalia zimo katika klorofomu mililita 60, na hiyo ni miligramu nane kwa kila mililita. Nane kwa moja: mizani imekaa sawa. Hata ukitikisa hadi jioni hakuna zaidi kitakachohama, kwa sababu klorofomu imekwisha kubeba kile ambacho uwiano unairuhusu. Haijajaa, maana bado ingeweza kuyeyusha kafeini nyingi tu. Kilichoisimamisha ni kwamba kila molekuli mpya inayoingia inalipwa na nyingine inayotoka.

Hilo ndilo jambo la kushika. Klorofomu safi, isiyo na kafeini hata chembe, ina mvuto mkubwa kwa kuwa hakuna cha kurudi majini. Kadiri inavyobeba, ndivyo marejeo yanavyoongezeka. Ukimimina mililita 60 zote pamoja, zote zinachoka pamoja.

Tugawe basi. Fungu la kwanza, mililita 20. Njia fupi ya hesabu ni kujiuliza tabaka la klorofomu lina thamani ya maji kiasi gani. Mililita 20 za klorofomu, kila moja ikihesabika kama maji mililita nane, zina thamani ya mililita 160. Kafeini inajigawa kana kwamba imo ndani ya mililita 260 kwa jumla, na 100 kati ya hizo ndizo maji yetu halisi. Kwa hiyo kinachobaki majini ni 580 mara 100 gawanya kwa 260, sawa na miligramu 223. Klorofomu imeondoka na 357.

Tunafungua bomba la chini la faneli ya kutenganishia, klorofomu inatoka, maji ya chai yanabaki. Tunatia mililita 20 nyingine safi. Hesabu ni ileile, ila sasa tunaanza na 223. Zinabaki 86, na 137 zimetoka. Fungu la tatu linaanza na 86, linaacha 33 na kuondoka na 53. Jumlisha zilizotoka: 357, 137 na 53 ni miligramu 547. Kwa mkupuo mmoja tulipata 480.

Anayefua nguo kwa mkono analijua jambo hili bila kuliandika. Ndoo moja ya maji ya kusuuzia, ukiigawa mara tatu na kukamua nguo kila mara, hutoa sabuni zaidi kuliko kuizamisha nguo mara moja katika ndoo nzima.

Swali zuri kwa mwenye kutaka kujua ukubwa wa faida ni hili: kama ningeng'ang'ania mkupuo mmoja, ningehitaji klorofomu kiasi gani ili zibaki miligramu 33 zilezile? Jibu ni mililita 207. Yaani mililita 60 zilizogawanywa vizuri zimefanya kazi ya zaidi ya mara tatu ya ujazo wake. Klorofomu si kitu cha kumwaga ovyo. Mvuke wake unaathiri ini, na kazi yake hufanywa ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa. Siku hizi maabara nyingi hutumia diklorometheni kwa kazi hii ya kafeini, nayo pia inataka tahadhari zilezile. Kupunguza ujazo kunapunguza gharama, na pia kunapunguza kile utakachokivukiza hewani au kukitupa.

Sasa tuutazame mtambo wenyewe wa hesabu, kwa sababu ndani yake umejificha uzuri ambao vitabu vingi huupita. Kila fungu la mililita 20 linagawa kilichopo kwa 2.6, yaani moja jumlisha 1.6. Mafungu matatu yanagawa kwa 2.6 mara 2.6 mara 2.6, na hiyo ni 17.576. Mkupuo mmoja wa mililita 60 unagawa kwa moja jumlisha 4.8, yaani 5.8 tu. Fungua mabano ya yale mafungu matatu uone:

(1 + 1.6)³ = 1 + 4.8 + 7.68 + 4.096

Vipande viwili vya mwanzo, moja na 4.8, ndivyo mkupuo mmoja mzima. Hivyo viwili vya mwisho, 7.68 na 4.096, ndiyo faida ya kugawa. Haviwezi kuwa hasi hata siku moja, na ndiyo maana kugawa hakushindwi na mkupuo mmoja kwa klorofomu ileile, mradi K haibadiliki.

Lakini angalia pia vinakotoka: ni mraba na mchemraba wa 1.6. Namba hiyo ikiwa kubwa, faida inanenepa. Ikiwa ndogo, mraba wake ni mdogo zaidi na mchemraba karibu haupo. Tujaribu na etha, kiyeyushi kinachotumika sana katika maabara. Gramu moja ya kafeini huhitaji etha kama mililita 530 ili iyeyuke, kwa hiyo K yake dhidi ya maji ni 46 gawanya kwa 530, kama 0.087. Mililita 60 za etha kwa mkupuo zitaacha majini miligramu 551 kati ya 580. Zikigawanywa mara tatu? Zitaacha karibu 551 vilevile. Faida ni nusu miligramu hivi. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba mafungu madogo ni bora daima atatikisa faneli mara tatu bure. Kugawa hakukomboi kiyeyushi kibaya. Upande wa pili nako kuna kikomo: K ikiwa elfu kadhaa, mkupuo mmoja umekwisha kumaliza kazi, na marudio yanahangaikia makombo ambayo pengine hayapimiki.

Hapo anaibuka mwanafunzi mjanja, na darasani hakosekani: kama tatu ni bora kuliko moja, kwa nini tusigawe mara sita, mara sitini, mara elfu? Tumjibu kwa namba. Mkupuo mmoja unaacha miligramu 100. Mafungu mawili ya mililita 30 yanaacha 50. Matatu yanaacha 33. Sita ya mililita 10 yanaacha 17. Kila hatua inasaidia, lakini kwa ukarimu unaopungua. Na hata ungegawa tone kwa tone bila kikomo, mililita 60 hazingekuachia sifuri. Hesabu ya mafungu yasiyo na mwisho inatua kwenye 580 gawanya kwa e⁴·⁸, sawa na miligramu tano kasoro. Hiyo ndiyo sakafu ya klorofomu mililita 60 kwa namna hii ya kutikisa na kutenga. Anayetaka chini ya hapo aongeze klorofomu.

Sakafu hiyo ina kazi nyingine ninayoipenda, nayo ni kukamata makosa. Wapo wanaodhani K ni uwiano wa miligramu zenyewe badala ya ukolezi. Kwao, klorofomu huchukua sehemu nane na maji hubaki na moja, bila kujali ujazo. Wakirudia mara tatu wanapata 580 gawanya kwa 9, tena kwa 9, tena kwa 9, na kuandika kwa furaha kwamba zimebaki miligramu 0.8. Jibu hilo haliwezekani. Liko chini ya sakafu. Kosa la pili ni kugeuza K juu chini. Mtungaji wa swali akiandika ukolezi wa majini juu na wa klorofomu chini, K itakuwa 0.125, na asiyesoma kwa utulivu ataitumia kama ilivyo. Atapata kwamba mkupuo mmoja unaacha miligramu 540 hivi majini, eti katika kiyeyushi tulichoambiwa kinaipenda kafeini mara nane. Namba ikipingana na maelezo ya swali, rudi juu. Kosa la tatu ni kuchukua zile 357 za fungu la kwanza na kuzizidisha kwa tatu, na kupata kafeini zaidi ya gramu moja kutoka kwenye miligramu 580.

Karatasi haina povu, maabara inalo. Mwenye kuitoa kafeini kwenye chai halisi huchukua kama gramu 20 za majani, ambamo mna kafeini ya kiasi cha hesabu yetu hii, huyachemsha kwa maji yenye sodiamu kaboneti, kisha huyachuja. Sodiamu kaboneti ipo kwa sababu majani ya chai yana tanini nyingi, zile zinazokausha ulimi. Kaboneti huzigeuza chumvi zinazobaki majini badala ya kuifuata klorofomu. Kisha lazima asubiri, na hapa wenye haraka huharibu kazi kwa sababu mbili. Klorofomu huchemka kwenye nyuzi 61, hivyo ikikutana na chai ya moto ndani ya faneli iliyofungwa italeta msukumo wa kurusha kizibo. Hata isipochemka, kuna hasara ya kimyakimya. Maji ya nyuzi 80 huyeyusha gramu moja ya kafeini kwa mililita tano na nusu tu, ujazo uleule ambao klorofomu ilihitaji katika joto la chumba. Maji ya moto yameacha kuwa maskini wa kafeini, na ile nane yetu haipo tena. K ni ya joto lake, na swali la mtihani lisilotaja joto limeacha kitu muhimu nje.

Chai ikipoa, fungu la kwanza la klorofomu linamiminwa, na faneli inapinduliwa polepole, si kutikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kila baada ya kupindua mara chache, bomba huelekezwa juu, mbali na nyuso za watu, na kufunguliwa kidogo ili mvuke utoke. Anayetikisa kwa nguvu atapata adhabu ya tabaka la katikati, zito kama krimu, lisilo maji wala klorofomu, ambalo linaweza kukaa saa nzima bila kugawanyika. Ndani yake kuna vitone vya klorofomu vilivyobeba kafeini, na ukivitupa, hesabu yako nzuri imekwenda navyo. Kijiko cha chumvi ya mezani mara nyingi huvunja ukaidi huo. Kuna na swali dogo ambalo watu huona haya kuuliza: tabaka lipi ni lipi? Dondosha tone la maji juu. Likitoweka ndani ya tabaka la juu, hilo la juu ndilo maji. Likipenya na kushuka hadi la chini, maji yako chini.

Uzito wa klorofomu unarahisisha marudio. Kila fungu linatoka kwa bomba la chini na chai inabaki palepale kusubiri jingine. Kwa etha, ambayo huelea, unalazimika kuyatoa maji kwanza, kumwaga etha kwa juu, kisha kuyarudisha maji ndani, na kila uhamisho unapoteza matone. Ndiyo maana desturi ya maabara imetulia kwenye mara tatu. Kutoka moja kwenda tatu tuliokoa miligramu 67. Kutoka tatu kwenda sita tungeokoa 16, huku tukiongeza kufungua bomba mara tatu zaidi, na kila mara klorofomu kidogo ikibaki imenata kwenye shingo ya kioo.

Kuna namna ya kujua kama hesabu na faneli vinasema jambo moja, na ni rahisi kushangaza. Usichanganye mafungu. Kausha kila moja kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, livukize peke yake ndani ya kabati la hewa, na upime ungu unaobaki. Kama K kweli haibadiliki, namba zitashuka kwa hatua inayolingana: 357 gawanya kwa 137 ni 2.6, na 137 gawanya kwa 53 ni 2.6 tena. Fungu la pili likiwa na uzito kupita inavyopaswa, yaelekea klorofomu ya kwanza haikutoka yote au haikutikiswa hadi utulivu.

Na wakati mwingine hatua hazilingani japo mkono haukukosea. Mjerumani Walther Nernst, aliyeieleza kanuni hii kwa ukamilifu zaidi mwaka 1891, alionyesha kwamba K hutulia pale tu molekuli zilipo na umbo lilelile pande zote mbili. Kafeini haina shida hiyo kubwa. Asidi ya benzoiki inayo. Majini hukaa molekuli mojamoja, lakini ndani ya benzeni hushikana mbilimbili. Kuoana huko kunahitaji umati. Tabaka likiwa na asidi nyingi jozi ni nyingi, likiwa na chache, wengi hubaki wapweke. Kwa hiyo kadiri marudio yanavyoipunguza asidi, ndivyo uwiano wa ukolezi unavyoshuka, na benzeni ya fungu la tatu huvuta kwa nguvu ndogo kuliko ya kwanza, ingawa ni safi vilevile. Anayekokotoa kwa K ya fungu la kwanza atatabiri kwamba majini hakujabaki kitu cha maana, kisha atayapima maji yale kwa alkali na kukuta asidi zaidi ya alivyoandika. Kwa dutu ya namna hiyo, kinachokaa thabiti ni ukolezi wa kwenye benzeni ukigawanywa kwa mraba wa ukolezi wa majini, na swali la mtihani linalotaja "molekuli kuungana mbilimbili" linamtaka mwanafunzi aifanye kila hatua upya, fungu kwa fungu, bila ile njia ya mkato ya kuzidisha 2.6 kwa 2.6.